Dakika Moja ya Kumkaribisha Mgeni Jukwaani

Mwaka 1950 mwanasaikolojia wa Kimarekani, Harold Kelley, alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Wanafunzi hao waliambiwa kwamba siku hiyo watafundishwa na mgeni. Kabla hajaingia, kila mmoja alipewa karatasi yenye maelezo mafupi kumhusu: umri wake, alikosoma, kwamba amepita jeshini, ameoa, na wanaomfahamu wanamwonaje. Karatasi zote zilikuwa sawa isipokuwa mahali pamoja. Baadhi zilisema mgeni ni mtu mchangamfu sana, nyingine zilisema ni mtu mkavu kidogo.

Mgeni akaingia, akaongoza mjadala kwa dakika 20. Wote walikuwa chumba kimoja, wakamsikia mtu yuleyule akisema maneno yaleyale. Lakini miongoni mwa waliosoma kwamba ni mchangamfu, asilimia 56 walichangia mjadala. Miongoni mwa waliosoma kwamba ni mkavu, waliochangia walikuwa asilimia 32. Walipoulizwa baadaye, kundi la kwanza lilimwona kuwa ni mtu wa watu, anayejali na mwenye ucheshi zaidi kuliko alivyoonekana kwa kundi la pili.

Yeyote aliyewahi kushika kipaza sauti ili kumkaribisha mtoa mada anapaswa kulijua jaribio hilo, kwa sababu linaonyesha ukubwa wa kazi aliyopewa. Maneno mawili matatu yanayosemwa kabla mgeni hajafungua kinywa yanaamua watu wangapi watamfuata. Na mara nyingi maneno hayo huachiwa mtu aliyeambiwa dakika tano kabla, akiwa na karatasi ya wasifu ambayo hajawahi kuisoma.

Katika kumbi zetu, kazi hii huchanganywa na nyingine mbili. Ya kwanza ni itifaki: kumtaja mgeni rasmi, mwenyekiti, viongozi wa dini, wazee na wenyeji kwa mpangilio wa vyeo vyao. Ya pili ni kumkaribisha mgeni rasmi mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida ni ya mwenyeji wa shughuli na ina taratibu zake. Kumkaribisha mtoa mada ni jambo la tatu. Mshereheshaji asiyetenganisha haya matatu hujikuta ametumia dakika saba, na mtoa mada anaposimama, watu wamekwishachoka kusikiliza majina. Njia safi ni kumaliza itifaki kwanza, kwa ukamilifu au kwa kusema kwamba itifaki imezingatiwa, kisha kunyamaza sekunde mbili, na ndipo dakika ya mtoa mada ianze.

Dakika hiyo ina nafasi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kiswahili kikisemwa kwa utulivu ndani ya ukumbi, pamoja na vituo vya kupumua, dakika moja hubeba takriban maneno 100 hadi 120. Maneno yetu ni marefu: kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. Anayetaka uhakika achukue saa ya simu, asome utangulizi wake kwa sauti akiwa amesimama, na aone anafikia wapi. Akisoma kimoyomoyo atajidanganya, kwa maana macho hukimbia kuliko ulimi. Kwa hiyo mtu akiandika maneno 90 anabakiwa na nafasi ya makofi, ya kikohozi cha mtu wa mbele, na ya ule ukimya mfupi kabla ya jina ambao tutauzungumzia.

Maneno 90 yaseme nini? Dale Carnegie, Mmarekani aliyeanza kuwafundisha watu kuzungumza hadharani mjini New York mwaka 1912, aliwaachia wanafunzi wake mpangilio ambao bado unafundishwa: kwanza mada, pili kwa nini mada hiyo inawahusu hawa waliokaa hapa, tatu mzungumzaji na sababu ya yeye kuwa mtu wa kuizungumzia. Jina huja mwisho kabisa. Mpangilio huo unakwenda kinyume na mazoea yetu, kwa sababu wengi huanza na jina, wakafuata na shule, vyeo na tuzo, na mada wakaitaja mwishoni kana kwamba ni anwani ya bahasha.

Sababu ya kuanza na mada ni rahisi. Msikilizaji anapokaa kitini hana shida na mgeni bado. Ana shida na maisha yake. Akisikia jambo linalomgusa, hapo ndipo anaanza kutaka kujua nani atamweleza. Jina likija wakati huo linapokelewa na mtu anayelisubiri. Likitangulia, linadondoka kabla hajatega sikio, na baada ya robo saa utamsikia akimnong'oneza jirani yake: "Huyu anaitwa nani tena?"

Ili jambo hili lionekane, tumchukue mgeni ambaye habari zake ziko hadharani, na tumwalike kwa kufikiria tu: Erasto Mpemba. Tuseme ni miaka ya tisini, bwalo la shule ya sekondari limejaa wanafunzi wa sayansi wa kidato cha pili na cha tatu, ni saa nane mchana, chakula kimeliwa na joto limepanda. Mwalimu wa zamu ana dakika moja.

Wasifu aliokabidhiwa ungeweza kusomwa hivi:

"Mgeni wetu wa leo ni Bwana Erasto Mpemba. Alisoma Shule ya Sekondari Magamba, kisha Mkwawa mkoani Iringa, na baadaye Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, Moshi. Mwaka 1969, akishirikiana na Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alichapisha makala katika jarida la kimataifa la ufundishaji wa fizikia. Kitaaluma ni ofisa wanyamapori. Tumkaribishe."

Hakuna uongo hata mmoja humo. Lakini kwa mwanafunzi aliyeshiba na anayesinzia, hayo ni majina ya shule na mwaka ambao yeye hakuwa amezaliwa. Hajui atasikia nini. Pengine amehisi atasikia habari za tembo. Kibaya zaidi, kitu pekee ambacho kingemfanya akae sawa, yaani kwamba mtu huyu aliuliza swali akiwa mwanafunzi kama yeye na swali hilo likazunguka dunia, kimefunikwa na maneno "alichapisha makala".

Kisa chenyewe kinafahamika. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, ambako wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ikawa haba. Kwa kuhofia kuikosa, akayatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alikuta yameganda, na ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye Dokta Osborne alialikwa kuzungumza Mkwawa, na Mpemba akauliza swali lake mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar es Salaam alitaka jambo hilo lijaribiwe maabara. Makala ya 1969 ilitokana na hapo, na hadi leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Sasa mwalimu wa zamu akijua yote haya, aseme kiasi gani? Hapa ndipo watangulizaji wengi wenye nia njema wanapoharibu. Kisa ni kitamu mno, na ulimi unawasha. Mwalimu anaanza na maziwa, anafika kwenye jokofu, anasimulia mwalimu aliyemkatisha tamaa, anaingia Mkwawa, bwalo linacheka, na mgeni ameketi pale akiona hotuba yake ikiliwa mbele ya macho yake. Atakaposimama atalazimika kusema "kama mlivyokwishasikia", na kisa kinachosimuliwa mara ya pili ndani ya robo saa hakina ladha, hata kikisimuliwa na mwenyewe.

Utangulizi unaofaa ungekuwa hivi:

"Wanafunzi, chukueni vikombe viwili vya maji. Kimoja maji yametoka jikoni sasa hivi, kingine ni vuguvugu. Viwekeni kwenye friza kwa pamoja. Kipi kitaganda kwanza? Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu huko Lushoto alitoa jibu lililofanya achekwe. Leo wanafizikia wa dunia nzima wanabishana kuhusu jibu hilo, na wanaliita kwa jina lake. Kuna wengi humu wana swali na wanaogopa kunyoosha mkono, wasije wakachekwa. Mgeni wetu amekuja kutueleza nini kilitokea baada ya yeye kunyoosha mkono wake. Tumkaribishe, Bwana Erasto Mpemba."

Ni maneno kama 75. Yakisomwa polepole, na swali likiachiwa sekunde tatu za ukimya ili watu walijibu kichwani, hayafiki dakika. Mada imetangulia, tena kwa swali ambalo kila mwanafunzi anadhani analijua jibu lake. Sababu ya wao kusikiliza imetajwa kwa hofu yao wenyewe, hofu ya kuchekwa, si kwa kuambiwa kwamba sayansi ni muhimu. Sifa ya mgeni iko moja tu, nayo ni ile inayohusiana na mada: hakutajwa Mweka, kwa sababu siku hiyo hazungumzii wanyamapori. Angekuja kuzungumzia uhifadhi, Mweka ingeingia na vikombe vya maji vingetoka.

Tena aiskrimu haikuguswa. Mwalimu aliyemkatalia hakuguswa. Osborne hakuguswa. Mgeni amebakiwa na kisa chake chote, na bwalo sasa linakisubiri.

Kuna neno moja katika utangulizi huo linalostahili kuangaliwa: "wanabishana". Mtangulizaji mwenye shauku angependa kusema Mpemba aligundua kanuni mpya ya fizikia, au kwamba alikuwa mtu wa kwanza duniani kuliona jambo hilo. Vyote viwili vingemweka mgeni pabaya. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika kuhusu maji yaliyopashwa moto kupoa haraka zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Francis Bacon na René Descartes nao waliligusia. Na wanasayansi wa leo bado hawajakubaliana kama jambo hilo hutokea kila mara au kwa sababu gani. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu na wakasema hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Mwalimu mmoja wa fizikia aliyeketi nyuma akiyajua hayo, sifa iliyotiwa chumvi ingemfanya aanze kumsikiliza mgeni kwa mashaka. Na mgeni mwenyewe, ambaye hakuiomba sifa hiyo, ndiye angelazimika kuitetea au kuikana.

Ndiyo maana maneno kama "wa kwanza", "pekee", "mkubwa kuliko wote" na "bingwa" yanahitaji kuhakikiwa na mgeni kabla hayajafika kwenye kipaza sauti. Sifa nyingine ya hatari ni ahadi. Mshereheshaji akisema "huyu mama atawavunja mbavu", watu hukunja mikono wakisubiri kuchekeshwa, na utani wa kwanza usipokolea, mgeni amepungukiwa kabla hata hajaanza. Ahadi iliyo salama ni ile ya jambo watakalolisikia. Namna watakavyojisikia wakilisikia haiahidiki.

Mfano mzuri wa utangulizi usiobeba mzigo ulitolewa Washington tarehe 28 Agosti 1963, kwenye maandamano ya kudai kazi na uhuru. Watu wapatao 250,000 walikuwa wamesimama tangu asubuhi, wakiwa wamekwishasikiliza wazungumzaji wengi, na aliyebaki alikuwa Martin Luther King. Aliyemkaribisha alikuwa A. Philip Randolph, mzee wa vyama vya wafanyakazi aliyekuwa ameyapanga maandamano kama hayo tangu mwaka 1941. Randolph hakutaja kanisa, wala mara ngapi King alikuwa amefungwa. Alimwita kiongozi wa kimaadili wa taifa, akasema kwa sentensi moja kwamba ni mtu anayefuata njia isiyo ya mabavu katika kutafuta haki, uhuru na utu, kisha akataja jina. Kwa hadhi yake Randolph angeweza kujichukulia dakika kumi, na hakuna ambaye angethubutu kumkatisha. Aliziacha kwa King.

Kazi ya kupata maneno hayo 90 hufanyika kwenye simu, siku moja au mbili kabla. Wasifu ulioandikwa kwa ajili ya kuombea kazi haumsaidii mtangulizaji, kwa hiyo inafaa ampigie mgeni mwenyewe. Aanze kwa kumuuliza atazungumzia nini hasa, kwa sababu "ujasiriamali" au "afya ya akili" ni jina la duka zima, na anayesikiliza anataka kujua ni bidhaa gani imeletwa leo. Amuulize watu wa ukumbi huu watatoka na nini mikononi. Kisha aulize swali ambalo wengi husahau: "Unaanza na kisa gani, ili nisije nikakisema?" Wageni hulifurahia swali hilo, kwa kuwa karibu kila mmoja amewahi kuporwa kisa chake.

Mwisho kuna jina na namna ya kuitwa. Kwetu hili si dogo. Kuna mama mwenye shahada ya uzamivu anayependa aitwe Mama kuliko Dokta, na kuna mwingine atakayehisi amevuliwa nguo akiitwa Bibi fulani mbele ya wanafunzi wake. Kuna Maalim ambaye hataki kuitwa Sheikhe, Mwalimu aliyestaafu anayeendelea kujiita Mwalimu, na mbunge wa zamani ambaye bado ni Mheshimiwa kwa watu wa kwao. Hakuna sababu ya kubahatisha. Jina lenyewe litamkwe kwenye simu mara mbili, mgeni asahihishe, na mtangulizaji aliandike kama anavyolisikia, mkazo ukiwekewa alama. Kama mgeni ametoka Bujumbura, Kampala au Muscat, tusidhani tunalijua kwa kuliona tu limeandikwa.

Ukumbini, kosa la kawaida hutokea kwenye neno la mwisho. Mtangulizaji anapofika kwenye jina humgeukia mgeni kwa heshima, na kipaza sauti kinabaki kikitazama alikokuwa amesimama. Ukumbi husikia "Tumkaribishe Bwana Era…" na mengine yanapotea. Jina lisemwe uso ukiwa umewaelekea watu, baada ya kituo cha sekunde moja, kwa sauti inayopanda badala ya kuzama. Likishatoka lote, ndipo ageuke. Awe wa kwanza kupiga makofi, na asiyaache mpaka mgeni amefika, kwa maana hatua kumi za kimya kutoka kitini hadi jukwaani ni safari ndefu kwa mtu ambaye mikono yake inatetemeka. Ampe mkono, amwachie nafasi, na aondoke kwa upande ambao hawatapishana.

Namna ya kujua kama utangulizi umefanya kazi ni kuangalia nyuso, hasa za safu za katikati, ambako hakuna anayelazimika kuonyesha adabu. Swali la mwanzo likitupwa, je, watu wanatazamana? Simu zinashushwa? Makofi yanaanzia wapi: meza kuu peke yake, au hata huko nyuma? Kisha sikiliza sentensi ya kwanza ya mgeni. Akianza na "kabla sijaendelea, naomba nirekebishe kidogo", kuna jambo halikuhakikiwa. Akiruka moja kwa moja hadi katikati ya karatasi yake, yamkini mwanzo wake umeporwa. Akianza kwa kueleza kwa dakika nne yeye ni nani na kwa nini ameitwa, mtangulizaji hakumaliza kazi yake.

Inabaki hali moja ambayo kila mshereheshaji hukutana nayo: mgeni anafika amechelewa na, akiwa mlangoni, anasema amebadilisha mada. Hapo hakuna haja ya kuchana karatasi yote. Jina na cheo havijabadilika. Kinachohitajika ni swali jipya la kufungulia na sifa moja inayolingana na mada mpya, na vyote viwili vinapatikana kwa kumuuliza hapo hapo, mkiwa mnatembea kuelekea ukumbini: "Mtu aliyekaa humu leo, jambo hili linamgusa wapi?" Jibu lake, kwa maneno yake yaleyale, mara nyingi linatosha kuwa sentensi ya kwanza. Kama hakuna hata nafasi ya kuuliza, basi mada itajwe kwa jina lake, sifa moja yenye uhakika isemwe, jina litolewe vizuri, na mtangulizaji aketi. Hiyo ni sekunde 20, na hakuna mgeni atakayelalamika kwamba ameongezewa muda.